Neno Sahihi, Mstari Mwekundu: Namna ya Kuiwezesha Kompyuta Kukagua Kiswahili

*Matini ya mada iliyoandaliwa na kitengo cha TEHAMA kwa ajili ya wakazi wa kata, watendaji wa vijiji, makatibu wa vikundi na wamiliki wa steshenari*



Karibu kila anayechapa barua kwa Kiswahili amewahi kuona jambo hili. Mtendaji wa kijiji anafungua kompyuta, anaandika tangazo la mkutano mkuu wa kijiji, na kabla hajamaliza sentensi ya kwanza ukurasa mzima umejaa mistari myekundu. Neno «wananchi» limepigwa mstari. Neno «mkutano» limepigwa mstari. Hata neno «kijiji» limo hatiani. Mchapaji huzoea, hupuuza mistari yote, na hatimaye huacha kuitazama kabisa. Hapo ndipo kosa la kweli hupita. Mahali palipoandikwa «mkutnao» pana mstari mwekundu uleule uliopo chini ya maneno mia moja yaliyo sahihi, na hakuna jicho linaloweza kuutofautisha.

Kuna madhara makubwa kuliko hayo. Katika programu ya Word iliyowekwa kwa Kiingereza imo orodha ya masahihisho ya papo kwa papo, ambayo hubadilisha neno bila kumuuliza mwandishi. Orodha hiyo ina neno «mkae», kwa kuwa Mwingereza anayechapa haraka hukosea hivyo anapotaka kuandika «make». Kwa hiyo mtendaji anapoandika «mnaombwa mkae kwa vitongoji», mara tu anapogusa kitufe cha nafasi, tangazo husomeka «mnaombwa make kwa vitongoji». Kompyuta haina ubaya wowote hapo. Imeambiwa kwamba maandishi yaliyo mbele yake ni Kiingereza, nayo inatii.

Mada hii inaeleza jinsi ya kuiambia kompyuta, baada ya mfumo kukwisha kusakinishwa, kwamba maandishi ni Kiswahili. Jinsi ya kuthibitisha kwamba imeelewa. Na mambo ambayo haitayaona hata ikiisha kuelewa.

Jaribio la maneno mawili

Kabla ya kubadilisha chochote, mtumiaji afungue ukurasa mtupu katika programu anayoitumia kuandikia. Aandike maneno mawili tu: «wananchi», ambalo ni sahihi, na «wanachni», ambalo herufi zake zimepindana. Aache nafasi baada ya kila neno, kisha atazame. Matokeo yanaweza kuwa ya namna tatu.

Ikiwa maneno yote mawili yamepigwa mstari mwekundu, programu inakagua kwa lugha nyingine, na mara nyingi lugha hiyo ni Kiingereza.

Ikiwa hakuna hata moja lililopigwa mstari, programu haikagui chochote. Huenda imeambiwa kwamba lugha ni Kiswahili lakini haina kamusi ya Kiswahili, au ukaguzi wenyewe umezimwa. Hali hii ndiyo ya hatari zaidi kati ya zote tatu. Ukurasa huonekana safi, na mwandishi hudhani kwamba ameandika bila kosa, kumbe hakuna aliyesoma.

Ikiwa «wanachni» pekee ndilo lililopigwa mstari, kazi imekamilika na kikagua tahajia kinafanya kazi kwa Kiswahili.

Jaribio hili halichukui hata nusu dakika. Linafaa kwenye Windows na kwenye Linux, na linafaa kurudiwa kila mtu anapokaa mbele ya kompyuta asiyoifahamu, hasa kompyuta ya steshenari inayotumiwa na watu wengi kwa siku moja.

Mambo matatu yasiyo jambo moja

Watu wengi hukwama kwa sababu huchanganya mambo matatu. La kwanza ni lugha ya menyu, yaani maneno yanayoonekana kwenye vitufe vya mfumo. La pili ni lugha ya maandishi, yaani alama isiyoonekana ambayo programu hubandika kwenye kila aya kuonyesha kuwa aya hiyo ni ya lugha gani. La tatu ni kamusi ya tahajia, ambayo ni faili lenye orodha ya maneno.

Kukagua barua ya Kiswahili kunahitaji la pili na la tatu tu. Menyu zinaweza kubaki kwa Kiingereza bila kuathiri chochote. Kinyume chake, mtu anaweza kuwa na menyu za Kiswahili huku barua zake zikiendelea kukaguliwa kwa Kiingereza.

Menyu za Kiswahili si jambo geni nchini. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya ofisi ya OpenOffice iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Programu ya LibreOffice inayotumika leo ilichipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, na kamusi yake ya Kiswahili ina alama ya sw_TZ: herufi mbili za kwanza ni lugha, mbili za mwisho ni Tanzania. Alama hiyo itakutana na mtumiaji tena hapa chini.

Hatua kwenye Windows

Kwenye Windows 11, mtumiaji afungue Settings, achague Time & language, kisha Language & region, halafu abofye Add a language. Kwenye Windows 10 njia ni hiyohiyo, ila ukurasa wa mwisho huitwa Language. Katika kisanduku cha kutafutia aandike Swahili; asipoona kitu aandike Kiswahili. Achague ile yenye jina la Tanzania. Kabla ya kubofya Install, ahakikishe kwamba kisanduku cha Set as my Windows display language hakina alama ya vema, ikiwa anataka menyu zibaki kama zilivyo.

Hatua hiyo huitambulisha lugha kwa Windows. Haitoshi kwa Word, kwa kuwa Word hutumia kamusi zake yenyewe. Ndani ya Word, mtumiaji afungue File, kisha Options, kisha Language. Atakuta sehemu ya lugha za kuandikia, na atabofya kitufe cha kuongeza lugha. Kiswahili kikishaongezwa, atazame maneno yaliyo mbele yake. Yakisomeka Proofing installed, kamusi imo. Yakisomeka Proofing available, maneno hayo hubofywa ili kamusi ipakuliwe kutoka kwenye intaneti. Word hufungwa na kufunguliwa upya baada ya hapo.

Ikiwa Kiswahili chenye jina la Tanzania hakina kamusi katika toleo lililopo, ajaribu chenye jina la Kenya. Hilo lisimtie mtu wasiwasi. Tahajia ya Kiswahili sanifu ni moja kwa nchi zote mbili, na usanifishaji wake ulisimamiwa kwa pamoja na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930. Tofauti ndogo za msamiati wa mitaani hazibadilishi namna ya kuandika «mkutano».

Anayetumia LibreOffice kwenye Windows ana njia nyingine. Wakati wa kusakinisha, LibreOffice huchagua kamusi kwa kuangalia lugha ya mfumo. Mfumo ukiwa wa Kiingereza, Kiswahili huachwa nje. Si lazima kuanza upya. Afungue Control Panel, aende kwenye orodha ya programu, achague LibreOffice na kubofya Change, kisha Modify. Katika orodha inayojitokeza afungue Optional Components, halafu Dictionaries, na aweke alama kwenye Swahili. Kompyuta inaweza kuomba faili lile la kusakinishia lililotumika mwanzo, kwa hiyo ni vyema faili hilo lisifutwe. Faili lenyewe ni la mamia ya megabaiti. Steshenari inayolipia bando ikilipakua mara moja na kulihifadhi kwenye flashi, kompyuta zote za jirani zinaweza kulitumia.

Hatua kwenye Linux

Kwenye Ubuntu, Debian na jamaa zao, kamusi ya Kiswahili ni kifurushi kidogo chenye jina hunspell-sw. Kifurushi hicho hakiji chenyewe mfumo unaposakinishwa kwa Kiingereza. Mtumiaji afungue dirisha la amri, yaani Terminal, na kuandika:

```
sudo apt update
sudo apt install hunspell hunspell-sw
```

Amri ya kwanza husasisha orodha ya vifurushi. Ya pili huleta chombo cha kukagua pamoja na kamusi. Nenosiri huombwa, na linapoandikwa halionekani kwenye kioo. Hiyo ni kawaida. Baada ya hapo kamusi inaweza kujaribiwa palepale:

```
hunspell -d sw_TZ
```

Mtumiaji aandike neno moja na kugusa Enter. Alama ya nyota au ya kujumlisha humaanisha kwamba neno limekubaliwa. Alama ya & hufuatwa na mapendekezo ya neno lililo karibu. Alama ya # humaanisha kwamba neno halikutambuliwa wala halina la kukaribiana nalo. Kutoka humo hutumika Ctrl na D kwa pamoja. Ikiwa amri yenyewe inalalamika kwamba haiwezi kufungua kamusi, basi kifurushi hakikuingia, na tatizo si LibreOffice.

Kwa kijiji kisicho na intaneti ya uhakika ipo njia ya flashi. Kamusi nzima ni mafaili mawili tu: sw_TZ.dic, ambalo ni orodha ya maneno, na sw_TZ.aff, ambalo ni kanuni za kuisoma orodha hiyo. Mafaili hayo hukaa katika kabati la /usr/share/hunspell. Mtu anaweza kuyanakili kutoka kompyuta iliyo nayo, akayabeba hadi nyingine, na kuyaweka mahali pake:

```
sudo cp sw_TZ.aff sw_TZ.dic /usr/share/hunspell/
```

Yaende yote mawili. Moja bila mwenzake halifanyi kazi.

Baada ya kamusi kuwapo, LibreOffice lazima iambiwe lugha ya maandishi. Njia ni moja kwa Windows na Linux. Mtumiaji afungue Tools, kisha Options, kisha sehemu ya lugha, ambayo kwa matoleo ya zamani huitwa Language Settings na kwa mapya Languages and Locales. Katika mstari wa Western, chini ya lugha za nyaraka, achague Swahili (Tanzania). Pembeni ya jina la lugha yenye kamusi huonekana alama ndogo ya herufi zenye vema. Lugha isiyo na alama hiyo haina kamusi, hata kama jina lake limo kwenye orodha. Anayechagua jina lisilo na alama hujikuta katika lile tokeo la pili la jaribio: ukurasa safi usiosomwa na yeyote.

Kwa nini barua ya zamani haibadiliki

Malalamiko yanayofuata huwa ni haya: mtu amefuata hatua zote, ameandika ukurasa mpya na mambo ni mazuri, lakini akifungua barua ya mwezi uliopita mistari imerudi. Sababu ni ile alama isiyoonekana. Barua ya zamani ilihifadhiwa ikiwa imebandikwa Kiingereza, nayo huibeba alama hiyo kokote iendako. Vivyo hivyo aya iliyonakiliwa kutoka barua nyingine huingia na alama yake.

Dawa yake ni fupi. Katika Word, mtumiaji aguse Ctrl na A ili kuchagua maandishi yote, afungue Review, kisha Language, kisha Set Proofing Language. Achague Kiswahili, na aondoe alama kwenye kisanduku cha Do not check spelling or grammar ikiwa imo. Katika LibreOffice, afungue Tools, kisha Language, kisha For All Text, na achague Swahili. Sehemu ya chini kabisa ya dirisha huonyesha lugha ya mahali kielekezi kilipo. Akisogeza kielekezi kutoka aya hadi aya ataona kama yote yamekubali.

Mara aya inapobandikwa Kiswahili, Word huacha pia kuitumia orodha ya masahihisho ya Kiingereza juu ya aya hiyo, na neno «mkae» hubaki «mkae».

Fonti na alama ya ng'

Kuhusu fonti maneno ni machache. Kiswahili huandikwa kwa herufi zilezile za Kilatini zisizo na vikorombwezo, kwa hiyo kila fonti iliyokuja na mfumo huweza kukiandika. Tatizo hutokea barua inaposafiri. Barua iliyochapwa kwa Calibri kwenye Windows ikifunguliwa kwenye Linux isiyo na Calibri, fonti nyingine huchukua nafasi yake, mistari husogea, na sehemu ya sahihi inaweza kuangukia ukurasa wa pili peke yake. Linux ina fonti mbili zenye upana uleule wa herufi, Carlito badala ya Calibri na Caladea badala ya Cambria:

```
sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea
```

Kwa Times New Roman na Arial, fonti za Liberation zinazokuja pamoja na LibreOffice hufanya kazi hiyohiyo.

Alama ya ng' ndiyo inayohitaji uangalifu. Kibodi huandika alama iliyosimama wima. Word, mtu anapochapa, huigeuza kuwa iliyopinda. Kwa msomaji wa barua hazina tofauti, lakini kwa jedwali la hesabu ni herufi mbili tofauti. Chukua mfano wa daftari la mifugo la kijiji lenye mistari 40 ya ng'ombe. Mistari 28 ilichapwa moja kwa moja kwenye jedwali, na 12 ilinakiliwa kutoka barua ya Word. Katibu anaweka fomula hii:

```
=COUNTIF(B2:B200,"ng'ombe")
```

Jibu ni 28. Mistari 12 yenye alama iliyopinda haikuhesabiwa, na hakuna onyo lolote linalotokea. Kabla ya kuhesabu, katibu aguse Ctrl na H, anakili alama iliyopinda kutoka kwenye mojawapo ya seli hizo na kuibandika katika kisanduku cha juu, aandike alama iliyosimama katika kisanduku cha chini, kisha abadilishe yote. Jibu litakuwa 40.

Mipaka ya kamusi

Hata kamusi ikiisha kukaa vizuri, mistari myekundu michache itabaki chini ya maneno sahihi. Asili yake ni umbo la Kiswahili chenyewe. Kitenzi cha Kiingereza kina maumbo machache yanayoweza kuorodheshwa. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtenda, njeo na mtendwa ndani ya neno moja. Kwa kitenzi «saidia» pekee, viambishi sita vya nafsi, njeo nne za -na-, -li-, -ta- na -me-, pamoja na chaguo tatu za mtendwa, yaani bila mtendwa, -m- na -wa-, huzaa maneno 72: «ninamsaidia», «ulimsaidia», «atawasaidia», «tumewasaidia» na mengineyo. Hapo havijaguswa vikanushi, ngeli za vitu, wala «saidiana» na «saidiwa». Orodha yoyote, hata iwe ndefu kiasi gani, itakosa mengi. Kwa hiyo mstari chini ya «hatujawasaidia» ni swali la kompyuta, si hukumu. Mwandishi alisome neno silabi kwa silabi. Likiwa sahihi aendelee.

Majina ya mahali nayo hupigwa mstari. Karema, Ikola, Inyonga, Usevya, Nsimbo: hakuna sababu ya kamusi kuyafahamu yote. Mwandishi abofye jina kwa kitufe cha kulia cha puku na kuchagua Add to Dictionary, nalo halitaulizwa tena katika kompyuta hiyo. Kazi hii ifanywe taratibu. Anayeongeza «Inyoga» kwa haraka ameifundisha kompyuta kosa, na tangu siku hiyo kosa hilo litapita kimya kwa kila mteja wa steshenari hiyo. Neno lililoingia kimakosa huondolewa kwenye Writing Aids katika LibreOffice, au kwenye Custom Dictionaries chini ya Proofing katika Word.

Upande wa pili ni mzito zaidi. Yapo makosa ambayo kamusi haitayaona kamwe, kwa kuwa kosa lenyewe ni neno halali. Tazama tangazo hili la kufikirika la katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku:

*«Wanachama wote wafike mahari pa mkutnao saa 4 asubuhi. Mwanachama aliyekopa mbolea hatalipa baada ya mauzo. Baada ya hapo kutakuwa na kupiga kula.»*

Kikagua tahajia kitapiga mstari chini ya «mkutnao», nacho kitakuwa sahihi. Neno «mahari» kitaliacha, kwa kuwa mahari ni neno zuri la Kiswahili, ingawa ni la posa na si la mkutano. Hapo ilipasa kuwa «mahali». Neno «kula» kitaliacha pia, ingawa wanachama wameitwa kupiga kura. Na lile la katikati, «hatalipa», ni sahihi kwa tahajia na kwa sarufi. Katibu alikusudia «atalipa». Herufi moja, h, imegeuza deni kuwa msamaha, na karatasi imeshapigwa mhuri.

Makosa ya namna hiyo hukamatwa na mtu tu. Njia iliyo rahisi ni kuchapa nakala moja na kumpa mtu mwingine aisome kwa sauti huku mwandishi akisikiliza, kwani aliyeandika husoma alichokusudia na si kilichopo. Kwa muhtasari wa kikao unaohusu ardhi, mkopo au mchango, macho yapelekwe kwanza kwenye vitenzi vinavyoanza na «ha-» au «a-», kwenye maneno yanayotofautiana kwa l na r, na kwenye tarakimu zote. Kamusi haihakiki namba: «eka 3» na «eka 13» kwake ni kitu kimoja.

Mwisho

Mwananchi anayepeleka barua kuchapwa anayo haki ya kuomba jambo dogo kabla ya kulipa: kwamba maneno «wananchi» na «wanachni» yaandikwe mbele yake kwenye kompyuta itakayotumika. Kompyuta ikikamata la pili na kuliacha la kwanza, uchapaji uanze. Isipofanya hivyo, hatua zilizoelezwa hapa humalizwa kabla ya kikombe cha chai kupoa, intaneti ikiwapo. Kisha barua ikiisha kuchapwa, isomwe kwa sauti mara moja kabla ya mhuri.